Njia Isiyopita ku Kilio

Mjomba wangu alipoelekeza mtu nyumbani kwetu, alimpitisha katikati ya mambo yaliyokwisha kufa. Pita kwa Mgreki. Fika ku Kilio. Pinduka pa Muti wa Nyuki. Mgreki alikuwa ameondoka tangu maduka ya wageni yalipopewa wenye nchi. Muti wa Nyuki ulikatwa kuwa kuni msimu mmoja wa njaa. Na Kilio kilikuwa jina tu la kona, kwa sababu ya matanga makubwa yaliyolala pale kabla sijazaliwa, watu wakijaa hadi barabarani. Sisi wa mtaa wa Kikula tulifika bila shida. Macho yetu yaliona hata visivyokuwepo.

Yule mama wa Kasai angeonaje?

Alikuwa ameshuka na treni kutoka kwao, siku nyingi za kukaa juu ya mizigo, kuja kumposea mwanawe dada yangu. Mwanawe alifanya kazi kwenye mitambo ya umeme kule Koni, na alikuwa hajakanyaga kwetu hata mara moja. Kabla ya wakubwa kuzungumza, mchumba hagusi kizingiti cha wakwe, na siku ya mazungumzo yenyewe hubaki mbali. Dada alimjua kanisani, kwenye kwaya. Baba yetu alikuwa amefariki, na kwa watu wa upande wa mama neno la mwisho huwa la mjomba. Basi mjomba akaja kutoka Kambove, akaketi kwenye kiti kimoja chenye mgongo, akatoa neno lake.

"Jumapili nitabangojea. Bukari ikishuka ku moto na habajafika, mi narudia Kambove, na hii maneno isirudi tena ku masikio yangu."

"Tutatuma mutu abalete," mama alisema.

"Hapana! Hakuna mutu wa hii lupango atabaendea. Tunauzisha mutoto? Muntu mwenye kutaka bibi atajua njia."

Bukari ni ugali wetu, na lupango ni kiwanja chetu, ua na vyote vilivyomo. Dada alikuwa anaosha sahani. Aliisugua sahani ile ile mpaka nikadhani itatoboka. Alikuwa amekwisha kuniambia usiku kwamba akikosa huyu hataolewa na mwingine, na dada yangu hakuwa mtu wa kutishia bure.

Mimi nilikuwa nauza mikate ya mafuta sokoni. Shule niliiacha mapema, lakini Kiluba cha Kasai nilijifunza bila mwalimu, kwa kugombania zamu ya maji na watoto wao. Na jirani yangu wa meza pale sokoni, mama muuza samaki wakavu wa ziwa Tshangalele, naye wa Kasai, ndiye aliyempokea mgeni nyumbani kwake, katika kambi ya wafanyakazi ng'ambo ya reli. Mjomba alikataza kuwaendea. Kuuza mikate hakukataza.

"Mamu," nikamwambia kwa lugha yake, "nisikilize, ukamwambie mgeni wako njia."

Nikaanza kama mjomba, neno kwa neno. Kwa Mgreki, akauliza: "Huyo ni nani? Nimuulize wapi?" Nikamwambia hayupo. Akacheka. Nikaendelea, nikafika ku Kilio, nikalitoa kwa Kiluba chao: madilu. Akaweka samaki chini.

"Nani amekufa kwenu?"

"Hakuna, Mamu. Ni jina la kona."

"Jina!" Akanitazama kama mtu aliyemwaga chumvi. "Mutoto, weye unataka mwanamuke akuye na kuku ya ndoa, umupitishe ku matanga? Atashusha muzigo, atalia nabo, halafu atarudi nyumbani. Maneno ya ndoa haipitake ku matanga. Hata mi ningerudia."

Pale ndipo nilipoelewa, na hasira ikanipanda. Mjomba aliishi na Wakasai kazini miaka mingi. Alijua yeyote watakayemuuliza njia atawatajia Kilio, na alijua neno hilo litafanya nini likivuka lugha. Hakuhitaji kusema hapana. Ilimtosha kuacha njia iseme kwa niaba yake.

Nikajiambia: sawa, mjomba, tafsiri nitafanya mimi.

Jioni nilivuka reli mpaka karibu na lango la kambi, nikageuka, nikatembea kurudi kwetu kama mtu asiyemjua yeyote. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Kila hatua nilimwona fulani na mama yake fulani, pale ugomvi, pale harusi, na vyote hivyo havina mlango wala rangi. Ilibidi nijilazimishe kuwa mjinga. Na niligundua kwamba mjomba husema kulia na kushoto kama mtu anayetoka nyumbani kwetu. Anayekuja lazima ageuziwe kila mkono.

Nilitafuta vitu ambavyo jicho geni lingevishika, na ambavyo vingekuwepo Jumapili. Mashine ya kusaga mahindi, kwa mfano: kelele yake inasikika mbali, lakini Jumapili imelala. Bomba la maji nalo liliweza kukauka bila kuaga mtu. Nikaviacha.

Kesho yake nilimpa mama wa samaki njia mpya. Dohani kubwa ya kiwanda cha Shituru aiweke mgongoni, aiache imsukume. Avuke vyuma vile vile vilivyomleta kutoka kwao. Aende mpaka kichuguu kikubwa kama nyumba, wafyatua matofali wamekikata nusu kama mkate. Kichuguu kila mtu wa shamba anakijua, hakihitaji tafsiri. Hapo ndipo ku Kilio, ila neno hilo sikulisema. Ashike mkono wa wanawake, maana kwao kushoto ndiko mkono wa wanawake na kulia ni wa wanaume. Atembee mpaka mipapai miwili iliyosimama mlangoni kama mapasa, mapacha. Neno mapasa ni letu sote, wao na sisi.

Mama wa samaki aliirudia yote, akihesabu kwa vidole. "Mkono wa wanawake," akasema, akapiga kofi. "Hii atashika. Huyu mama hasahauke kitu. Deni ya mutu anaikumbuka kupita mwenye deni."

Nilirudi nyumbani nikiimba. Dada akaniuliza nina nini. Nikamwambia, "Anza kutafuta kitenge."

Kisha ikaja Jumamosi, na Jumamosi ilikuwa salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mtaa. Mkubwa wa chama wa mtaa wetu alipita na filimbi yake. Kulisemwa kwamba mtu mkubwa angepita na gari, haikujulikana yupi wala lini, na kwamba kile kichuguu ni aibu. Vijana wakapewa majembe. Nilikuwa upande wa pili nafyeka majani, na nilipoinua kichwa kona ilikuwa tambarare, udongo mwekundu umesambazwa kama unga.

Nikasimama na panga mkononi. Mama wa samaki hakuwa sokoni siku ile. Kwake ni kambini, na kambini nimekatazwa. Nilifikiria kwenda hivyo hivyo. Lakini mjomba angejua, na angesema sisi wenyewe ndio tuliokwenda kumwombea binti mume, na hapo angekuwa na sababu nzuri ya kufunga mlango. Sikutaka kumpa sababu. Nilitaka kumshinda ndani ya sheria yake mwenyewe.

Watu walipotawanyika, nikachukua beseni la mikate na jembe la mama, nikaanza kukusanya udongo. Dada akaja bila kuitwa, amefunga kitenge kiunoni. Tulikusanya, tukamwagia maji, tukakandika kwa viganja. Kichuguu chetu kipya kilifika kiunoni kwangu, hakikutaka kupanda zaidi.

Filimbi ikalia nyuma yetu.

"Sitwayeni!" Ni "raia" kwa Kifaransa, ndivyo walivyopaswa kutuita wote. "Nani alikwambia kurudisha buchafu?"

"Hii si buchafu, papa. Ni udongo ya jiko."

"Jiko gani inajengwa ku njia?"

"Haiyajengwa. Inakauka kwanza. Hapa jua inafika muzuri."

"Uitoshe, uiondoshe hapa. Leo!"

"Papa, leo nimetumika salongo tangu asubuhi, mugongo inakatala. Nitaitosha siku ya kwanza ya kazi. Kesho ni siku ya Mungu. Ao mu chama banatumikaka siku ya Mungu?"

Alitazama huku na huku, kama kuna anayesikia. Dada akaendelea kupiga matope, pa, pa, pa, bila kumtazama. Mkubwa akasema kitu kuhusu watoto wa siku hizi, akaondoka na filimbi mdomoni bila kuipuliza. Nilimchekea mpaka akapotea machoni, kisha nikarudia kupiga matope.

Jumapili mama alipika bukari polepole kuliko siku yoyote. Maji yalichemka, akayapunguzia moto. Yalichemka tena, akaenda kutafuta chumvi.

"Bukari haitiake chumvi," mjomba akasema kutoka kitini.

"Nilisahau," mama akajibu, akaketi. Alianza kumwaga unga kidogo kidogo, kama anayelisha ndege.

Dada alikuwa ndani, mlango umeachwa wazi kidogo. Mimi nilikuwa napembua mchele usio na mawe. Mama akasonga. Mwiko ulizunguka, ukazunguka, mpaka bukari yenyewe ikawa inang'aa, na mjomba akainuka kukaza mkanda wake kwa safari.

"Inaiva tangu zamani, dada yangu. Shusha."

Mama akashika sufuria kwa vitambaa. Hakuishusha. Nilisikia kuku kabla ya kusikia mtu.

Walikuwa wawili. Mama wa samaki alikuwa nyuma, akijifanya hanijui, na mbele mwanamke mfupi, mavumbi mekundu mpaka magotini, kuku wawili wamefungwa miguu. Alisimama kati ya mipapai, akaugusa kila mmoja kwa mkono wake, akasalimu kwa lugha yao.

Mjomba alibaki amesimama, ncha ya mkanda mkononi. "Muulize," akaniambia. "Nani alimuonyesha njia?"

Nikauliza. Mgeni hakuharakisha. Alimjibu mjomba, si mimi, na nikatafsiri kipande baada ya kipande.

"Anasema: waliniambia nitaona kichuguu kikubwa kama nyumba. Sikukiona. Nilisimama pale, nikataka kurudi."

Hata hayo niliyatafsiri.

"Anasema: halafu niliona kidogo, kama mtoto wake. Nikakisogelea. Mchwa hawana vidole. Kile kilikuwa kimejaa viganja vya watu. Nikasema, kumbe kwenye nyumba ile kuna anayetutaka. Nikashika mkono wa wanawake."

Mama akaishusha bukari chini, taratibu, bila kumwangalia yeyote. Ndani dada alikuwa amekwisha kuanza kulia, na hakujaribu kujificha.

Mjomba alinitazama viganja. Nilikuwa nimeviosha mara nyingi, lakini udongo wa kichuguu hukaa kwenye kucha. Sikuvificha. Niliviweka juu ya ungo, wazi, nikamtazama usoni, jambo ambalo binti hafanyi kwa mjomba wake. Nilijua naweza kupigwa. Nilijua pia kwamba hakuna mtu wa lupango letu aliyewaendea.

Akaurudisha mkanda kwenye tundu lake la kawaida. Akasukuma kile kiti chenye mgongo kuelekea kwa mgeni, kwa mguu, si kwa mkono, ili ionekane kwamba bado amekasirika.

"Muambie aikale," akasema. "Bukari inapoa."

Nikamwambia hivyo hivyo alivyosema, sikubadilisha hata neno moja.