Rafu ya Kilungu

Wewe umewahi kutafuta kitu kwa nyumba yako mwenyewe, ukakikosa, halafu ukakumbuka mtu aliyejua kiliko tumemzika juzi? Mimi nimewahi. Tena si kitu moja. Ni duka mzima.

Mzee wangu, baba ya watoto wangu, alikuwa na duka ya spea hapa Sultan Hamud, kando ya barabara ya Mombasa. Dereva akiingia, mzee hata hasimami. Ananyoosha mkono nyuma yake, anatoa bearing, kama mtu anatoa ugoro mfukoni. Lakini ukiingia wewe, unaona vyuma tu. Belti zimelala na bomba za breki, plagi ziko kwa mkebe wa majani chai, boliti ziko kila mahali. Yote ilikuwa kwa kichwa yake, na kichwa ikaenda naye.

Wiki ya kwanza nikafungua, nikakaa. Dereva anauliza, mimi natafuta, yeye anaangalia saa, anaenda kununua Emali. Jioni nafunga bila kuuza hata nati. Nilikuwa naongea na hizo vyuma, si uwongo. Nani mwingine alikuwa huko?

Shemeji yangu, mdogo wa mzee, akakuja na kofia mkononi. Akasema, "Mama, wacha tuuzie watu wa skrapa hizi vyuma kwa kilo. Lori yao inapita mwisho wa mwezi."

"Kwa kilo, kama mbuzi?"

"Mbuzi angalau unajua iko wapi."

Nikamwambia angoje hiyo lori. Aje siku hiyo aulize kitu yoyote. Nikikosa, abebe.

Nikaita mjukuu wangu, msichana aliyekuwa amemaliza fomu four anangoja matokeo. Yeye ananiita susu, nyanya kwa Kikamba. Tukashusha vitu kwa sakafu, rafu baada ya rafu, tukatenga kwa kazi yake: breki huku, klachi huku, injini, stima. Mjukuu akapea kila aina herufi na namba. BR ni breki, KL klachi, IN injini, ST stima. Kila kitu ikapata kadi yake: code, jina, ziko ngapi, ziko wapi. Rafu tukaziita A, B, C, na kila ngazi namba. Belti ya feni ya pikapu ilikuwa IN-07, ngazi ya B3. Mimi nasoma kidogo kidogo, lakini B3 hata mimi naiona.

Tulikosea pia. Kuna bearing ilikuwa na kadi mbili, kwa sababu fundi mmoja anaiita ya klachi na mwingine anaiita release. Tuligundua tulipoangalia namba iliyochongwa kwa chuma, ni ile ile. Tukararua kadi moja, tukaunganisha hesabu.

Ikabaki rafu ya karibu na mlango. Ilikuwa fujo kuliko zote: lining za breki, bomba, maji ya breki, hata balbu za nyuma. Mjukuu akaanza kuibomoa. Nikamshika mkono.

"Susu, breki zinakaa A2."

Nilikuwa nimeona. Lori zikiteremka kutoka milima ya Kilungu, breki zinatoa moshi, dereva anaingia akikimbia. Mzee alikuwa anakaa hapo mlangoni, akanyoosha mkono. Si fujo ile. Ilikuwa mkono wake.

"Hii usiguse," nikasema.

Mjukuu akakaa chini kati ya vyuma, akafikiri. Akasema, "Si lazima nihamishe. Code inasema ni kitu gani. Mahali ni kitu ingine. Lining inabaki BR-04, na kwa mahali tunaandika Kilungu."

Ikaandikwa hivyo.

Siku ya lori shemeji alikuja. Akauliza belti ya feni; nikashika kadi, nikaenda B3. Akauliza release bearing, akafikiri amenipata, nikampa, nikarudi kukaa mlangoni kwa kiti ya mzee. Akatabasamu vibaya. "Na lining za breki za lori? Ziko ngapi?"

"Seti nne. Kilungu."

"Kilungu? Mama, hiyo ni safari."

Nikanyoosha mkono bila kusimama. Akahesabu. Nne. Akaangalia ile rafu muda mrefu, akavaa kofia, akaenda kuambia lori iendelee.

Duka ikabaki. Lakini sasa kitu ikihitajika naangalia kadi, siongei tena na vyuma, na jioni kimya inakuwa kubwa. Matokeo yakatoka, mjukuu akaitwa chuo. Asubuhi ya kuondoka alisimama hapo mlangoni na sanduku lake.

"Kila nikifunga chuo nitakuja tuhesabu stoki, susu," akasema. "Na Kilungu tutahesabu mwisho, mimi na wewe, polepole."