Ukuta wa Jikoni Ulioanzia Hamsini

Magoti yangu yalikufa kabla yangu. Nilijenga nyumba za watu toka Marani mpaka huku Kebirigo, na leo nikitaka kuinuka kwenye kiti lazima nishike ukuta, tena ukuta niliojenga mwenyewe, ndio unanirudishia shukrani. Shule niliiacha darasa la tatu kwa sababu ng'ombe wa baba walikuwa wengi kuliko watoto wake. Nasema hivi ili usitafute maneno makubwa hapa. Hakuna.

Nataka kuandika juu ya binti yangu wa mwisho, kwa sababu watu wa huku wanaongea wanavyotaka na mimi nimechoka kusikia.

Alifuata kazi yangu. Kaka zake walikimbilia boda na maduka, yeye akachukua mwiko wa uashi. Watu wakacheka, mwanamke juu ya jukwaa. Basi walicheka mpaka walipoona kona zake, halafu wakaanza kumwita kwenye mijengo yao. Cheti hakuwa nacho. Alikuwa na mimi tu, na mimi si cheti.

Siku moja alirudi kutoka mkutano wa kina mama wa kanisa, mahali mwalimu mmoja mgeni alikuwa amewafundisha kupanga maisha kwa kuanzia mwisho. Hakunisalimia vizuri. Aliokota kaa la moto uliozimika akaandika juu kabisa ya ukuta wa jikoni, karibu na moshi: hamsini. Mama yake alikuwa anasonga obokima, ugali wetu wa wimbi. Akamwuliza kama ameanza kuhesabu kuku wa jirani.

"Tata," akaniambia mimi, hivyo ndivyo tunavyomwita baba kwetu, "nikiwa na hamsini, Jumanne asubuhi, nitakuwa wapi?"

Mimi nilisema kaburini, nikidhani ananiuliza mimi nitakuwa wapi. Hakucheka. Alisema atakuwa ameamkia nyumbani kwake, hapa kwetu, si kibandani kwenye mjengo wa mtu. Magoti yake yatakuwa mazima. Atakuwa amesimama kwenye karakana ya chuo cha ufundi akiwafundisha vijana kushika mwiko. Aliongea kama mtu aliyetoka huko jana.

Halafu akashuka. Kwa hamsini awe mwalimu mzoefu, inabidi awe ameajiriwa akiwa na arobaini na kitu. Kwa kuajiriwa, awe na cheti cha kufundisha. Kabla ya hicho, awe na cheti cha kazi yenyewe. Akashuka mpaka chini penye kuni, akaandika mwaka huu, na mbele yake kitu kimoja tu: kuanza masomo ya uashi chuoni Nyamira, darasa la wanaofanya kazi. Ana miaka thelathini na tatu.

Niliuangalia ukuta ule nikajisikia kucheka, kwa sababu niliujua. Fundi mjinga anapanga mawe kutoka chini akienda juu, akifika kwenye linta, ule mhimili wa juu ya milango na madirisha, anabaki na pengo la vidole vitatu, analijaza vipande vya mawe na simiti kama mtu anayeficha aibu. Fundi mzuri anachukua mti wa kupimia, anatia alama ya linta kwanza, anashuka akigawa kozi, yaani mistari ya mawe, moja moja mpaka msingi. Ndipo anajua jiwe la kwanza litakaa kwenye udongo wa unene gani. Nilifanya hivyo kwa kila nyumba niliyojenga. Kwa maisha yangu sikufanya, ndiyo maana nashika kuta.

Sasa ndugu yangu mdogo. Huyo ni kontrakta Nairobi, mtu mzuri, simkatai, mkono wake hauna ngumi, anatoa. Alikuja akiwa na gorofa mpya mkononi na akamtaka binti awe nyapara wake, aanze mwezi unaofuata, akae huko miaka miwili au mitatu. Mshahara ambao huku hatujauona. Ukoo mzima ukashangilia. Binti akaomba apewe mpaka Sabato inayofuata ajibu.

Katikati ya wiki akaenda chuoni kujiandikisha, akarudi mapema mno. Alikuwa ameuliza ada, ameuliza vifaa, ameuliza matokeo yake ya kidato cha nne kama yanatosha. Hakuwa ameuliza siku. Darasa la wanaofanya kazi ni Jumamosi. Na sisi ni Wasabato. Usitucheke. Katika kilima chetu Jumamosi hata jembe linalala, mtu anakua akijua hivyo, haimjii kichwani kwamba kuna mlango wa shule unafunguliwa siku hiyo. Darasa la katikati ya wiki lilikuwepo, lakini ni la kutwa, na angekula nini?

Sabato ikafika. Baada ya ibada tukakaa, ndizi na mboga za chinsaga mezani, na ndugu yangu alikuwa ameshasikia. Huku habari haipandi gari, inakuja kwa miguu na bado inafika kwanza.

"Umeona?" akamwambia. "Mungu hajakuonyesha hata arobaini, wewe uko hamsini. Sasa yeye mwenyewe amefunga mlango. Panda gari nami kesho, mama. Umepanga mpaka mvi."

"Mvi zitakuja, baba mdogo, nipange nisipange."

"Na gorofa yangu?"

Binti akaweka kijiko chini. Alimweleza taratibu, kwa heshima, kwamba amejiuliza swali lile lile la ukutani: unyapara ule unampeleka kwenye ile Jumanne? Ungempa pesa, lakini baada ya miaka mitatu angekuwa bado hana cheti, na kazi ya nyapara mwingine ikitokea angeifuata hiyo pia, na magoti yake yangekwenda nayo.

"Nimekosea kozi moja," akasema. "Linta sijakosea."

Ndugu yangu akanigeukia mimi, mzee mwenzake, nimwondolee mtoto ujinga. Nikamwambia ndizi zinapoa.

Jumatatu akarudi Nyamira, safari hii kuuliza njia nyingine ya kufika pale pale. Akaambiwa kuna mtihani wa serikali wa ufundi, wa gredi, ambao hata mtu aliyefundishwa na baba yake anaweza kuufanya bila kukaa darasani. Unaanza gredi ya tatu, ndiyo ya chini, unapanda mpaka ya kwanza. Mwenye gredi ya juu na cheti cha kufundisha anaweza kuomba ualimu, nafasi zikitangazwa. Hakuna aliyemwahidi kitu. Alifuta mstari wa mwaka huu kwa kiganja, akaandika mwingine. Hamsini hakuigusa.

Gorofa ikapata nyapara mwingine. Shangazi zake waliacha kumsalimia kwa muda, wakachoka, wakaanza tena.

Mtihani ulikuwa katikati ya wiki. Walipewa mchoro, wakaambiwa wajenge kona. Nilimpa timazi langu la zamani, akalirudisha, akasema lina kutu, ana lake. Vizuri. Sasa ana gredi ya tatu, na anajenga hapa hapa karibu akijiandaa kwa ya pili. Watu wanasema angekuwa mbali. Anajua alivyo mbali, imeandikwa jikoni.

Juzi mama yake alitaka kuupaka ukuta ule udongo mpya kwa sababu ya wageni. Nikainuka, nikaushika kama kawaida yangu, nikamwambia apake kuta zingine zote. Huu mgeni akiuliza, ataambiwa.