Poleni Sana Wafiwa

Agatha alifariki Jumatatu, na hadi Alhamisi asubuhi mtu wa mjini Same aliyetakiwa kujua kuliko wote alikuwa hajui. Mtu huyo ni Ernesta, fundi cherehani wa kibaraza cha nyuma ya stendi, mjane, mama wa Anderson aliyeko Dodoma. Wiki ile alikuwa Chome akimuuguza mama mkwe wake, kwenye nyumba iliyo bondeni ambako mtandao unatafutwa kwa kupanda mlima, na simu yake ilizima siku ya kwanza tu. Hakujisumbua kuiwasha. Alikuwa amechoka, na kwa kweli alifurahia kidogo kutotafutwa.

Ernesta na Agatha walishuka pamoja kutoka Suji wakiwa wasichana, wakapanga chumba kimoja, wakanunua cherehani moja na kuigombania, kisha wakanunua ya pili ili wapatane. Miaka mingi walishona sare za shule bega kwa bega. Watu wakawaita mapacha, ingawa mmoja mrefu mwembamba na mwingine kama gunia la maharage. Hata Agatha alipoolewa na kumzaa Faraja, cherehani yake haikuondoka kibarazani. Mtoto alilala kwenye boksi la vitambaa, na alipoanza kusema alimwita Ernesta mama mdogo.

Agatha aliwahi kuanguka toka kwenye tuta la shamba akiwa mdogo, mkono wa kushoto ukaunga vibaya, ukabaki mfupi. Nguo ya dukani haikumkaa hata siku moja. Nguo zake zote alishona Ernesta, bila hata kumpima, na mkono wa kushoto daima aliukata pungufu. Ndipo siku moja, wakicheka, wakakubaliana kwamba atakayetangulia, mwenzake atamshonea nguo ya kuzikiwa. Wakanunua kabisa kitambaa, lesi nyeupe, wakaiweka kwenye sanduku la Ernesta. Wateja waliosikia walishika vichwa. Wao waliona ni jambo la kawaida tu, kama kuagiza sare mapema kabla ya Januari.

Kisha wakagombana. Ukisikia sababu utasonya. Agatha alisema mbele ya wateja kwamba kola za Ernesta siku hizi zinavuta, hazilali sawa shingoni. Ni kweli zilikuwa zinavuta, macho ya Ernesta yalikuwa yameanza kumchezea, lakini kuna maneno mtu huambiwa faraghani. Ernesta akajibu vibaya. Agatha akahamisha cherehani yake upande wa pili wa barabara. Wakakaa miaka miwili wakitazamana kama nguzo za goli, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze. Lesi ilibaki sandukuni, hakuna aliyeidai na hakuna aliyeirudisha.

Sasa kuna habari ya kundi. Watu wa Suji walioko Same wana umoja wao wa kusaidiana, na umoja una kundi la WhatsApp, na msimamizi wa kundi ni Ernesta. Alipewa kazi hiyo kwa sababu ni mkali. Zamani kundi lilijaa picha za maua zilizoandikwa habari za asubuhi, mahubiri ya nusu saa, na video za mbuzi. Simu za watu zikajaa, wakalalamika. Anderson alipokuja likizo akamwonyesha mama yake namna ya kuweka ujumbe ujifute wenyewe. Angeweza kuchagua siku tisini, au siku saba, au saa ishirini na nne. Ernesta akachagua saa ishirini na nne, maana alikuwa na hasira na wale mbuzi.

Matangazo ya maana aliyaokoa mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya kutia uzi kwenye sindano alipitia kundi: tangazo la kikao, la mgonjwa, la msiba, analibonyeza na kulishikilia, kisha analihifadhi, nalo linabaki kwa wote na alama yake ndogo hata muda ukipita. Mwanzoni kila mtu aliweza kuhifadhi, na vijana wakahifadhi mbuzi. Ernesta akafunga mlango huo, ikawa ni wasimamizi peke yao. Wasimamizi walikuwa wawili, yeye na mwenyekiti Rodrick, na Rodrick kwenye simu anajua kuandika, kutuma, na basi. Utaratibu ulikwenda vizuri mradi Ernesta yupo.

Jumanne asubuhi Faraja aliandika tangazo. Alikuwa amempigia mama mdogo wake mara nyingi kwa namba yake mpya, hapatikani. Akaandika kwamba mama yake amefariki, kwamba mazishi ni Alhamisi saa nane mchana nyumbani Suji, na mwishoni akaongeza maneno kwa Ernesta peke yake, mbele ya watu wote. Jumatano asubuhi tangazo lilipotimiza saa zake, likajifuta kwenye kila simu, kama lilivyoamriwa.

Alhamisi Ernesta aliteremka na gari la alfajiri, akafungua kibaraza, akachomeka simu kwenye chaji. Ilipowaka ikaleta taarifa kwamba namba fulani ilimtafuta. Hakuijua. Akadhani ni mteja wa sare, atasubiri. Akafungua kundi. Akakuta pole zimepangana kuanzia juu hadi chini. Apumzike kwa amani. Mungu awatie nguvu. Amina. Poleni sana. Katikati kulikuwa na ujumbe wa Rodrick wa jana jioni: mazishi yako palepale kesho saa nane, gari la kupanda litaondoka stendi saa tatu, tusichelewe.

Jina la marehemu halikuwepo. Hakuna aliyelitaja, kwa sababu kila mtu alikuwa analijua.

Ernesta akapandisha kidole hadi juu, hakuna kitu. Angeweza kuuliza. Lakini fikiria mwenyewe: msimamizi wa kundi, baada ya pole zote hizo, aandike jamani kafa nani? Aliona aibu. Akawaza labda ni yule mzee Eliezeri aliyekuwa amelazwa, mtu wa miaka mingi, ameshiba siku zake. Akawaza kwamba mchana atasikia tu. Mgongo ulimuuma, moyo ulikuwa umelala. Akaandika kama wanavyoandika wote: Poleni sana wafiwa, Mungu awe nanyi. Akatuma. Akaweka simu chini, akaanza kufumua pindo la suruali ya mtoto wa shule.

Gari la msiba liliondoka stendi saa tatu na nusu. Alisikia honi yake.

Karibu saa sita Salama, anayeuza dagaa kibaraza cha jirani, alirudi kutoka sokoni na beseni lake. Salama si mtu wa Suji wala wa kundi, lakini habari za mtaa hazimpiti.

"Ernesta! Umerudi lini? Mbona uko hapa?"

"Nimeingia asubuhi. Niwe wapi tena?"

Salama akatua beseni. "Si wanamzika mwenzio leo."

"Mwenzangu nani?"

"Ni Agatha, dada. Binti yake kaja hapa juzi, kaja na jana, anakuulizia. Nikamwambia uko mlimani."

Ernesta hakulia. Alimalizia mshono uliokuwa chini ya sindano, akakata uzi, akakunja ile suruali na kuiweka na nyingine. Salama alisema baadaye kwamba kilichomtisha ni hicho, namna alivyokunja suruali. Kisha akaingia chumbani, akatoa lesi sandukuni, akaifunga kwenye khanga pamoja na mkasi na futi. Alijua kabisa kwamba hakuna atakachoshona. Alichukua tu.

Akangoja basi lijae, akapanda hadi Makanya, na kutoka Makanya akachukua bodaboda. Kijana dereva alimsalimia, akaitikia marahaba. Baridi ya mlimani ilimpiga usoni asiihisi. Alijaribu kumkumbuka Agatha akicheka, ikagoma kuja. Kilichokuja ni kola.

Alipofika, watu walikuwa wanaweka mashada. Mchungaji alishafunga Biblia yake. Kaburi lilikuwa limejaa udongo mbichi mwekundu, na akina mama waligeuka kumtazama, wakarudisha macho yao kwenye maua. Koleta, jirani yake wa tangu utotoni, alisogea pembeni ampishe, na hakumkumbatia.

Faraja alimfuata penye migomba. Alipiga goti kidogo kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Tuliona pole yako."

Aliyasema bila hasira, na ndiyo maana yaliuma kupita matusi.

"Sikuona tangazo, Faraja. Simu ilizima. Nilikuta pole tupu, sikujua ni za nani."

"Ulijibu, mama mdogo. Wote tulisoma. Tulikuwa bado tunakusubiri, Rodrick alipotuonyesha tukajua ndiyo umetupa jibu. Shangazi akasema, basi, mwacheni, hataki."

"Kwani uliandika nini?"

Faraja akatoa simu yake. Akapandisha, akapandisha. Hata kwake mwenyewe, aliyeliandika, tangazo halikuwepo. Palikuwa na pole, amina, na juu kabisa hakuna kitu. Ernesta alitazama kidole cha binti kikihangaika juu ya kioo na akajua kwamba hakitapata kitu, maana mpangilio huo aliuweka yeye. Angeweza kuuondoa hapohapo, alikuwa na simu mkononi. Lakini hilo lingesaidia ujumbe wa kuanzia leo tu.

"Niliandika," Faraja akasema taratibu, akikumbuka, "mama mdogo Ernesta, popote ulipo, mama kasema anakusubiri wewe na ile nguo. Kasema kola ikivuta si kitu."

Upepo ulipita kwenye migomba. Mtu fulani alianza kugawa chai. Ernesta alitaka kulia, ilimpasa kulia, watu walikuwa wanatazama kama atalia, na ndani yake palikuwa kimya kama duka lililofungwa. Khanga yenye lesi ilikuwa bado kwapani. Alitafuta cha kusema, akapata kile anachokijua.

"Mmemvika nini?"

"Tulinunua gauni. Dukani, jana jioni, baada ya kukukosa. Lilikuwa zuri. Ila asubuhi tukimvisha, mkono wa kushoto ukawa mrefu. Ulifunika vidole."

"Mkaukata?"

"Hakuna aliyejua kukata. Tuliukunja."

"Mkaushona?"

"Tukaubana na pini, mama mdogo."

Ernesta akatikisa kichwa polepole, kama fundi anayesikiliza maelezo ya mteja. Akalitazama kaburi, upande wa kushoto.

"Kwa ndani," akauliza, "au kwa nje?"