Tanuru la Msandu

Mwalimu Mariana alisimama kando ya shimo, mkoba ameubana kwapani, akitazama udongo ukitoka. Ndani ya mkoba mlikuwa na daftari la marehemu mumewe, na tangu asubuhi hakuwa ameuweka chini hata mara moja.

Shimo lilichimbwa shambani kwao, chini ya kichuguu kikubwa ambacho watu wa Msandu walikiita Tanuru la Mwalimu. Mwalimu Polikarp, mumewe, ndiye aliyeandika mwaka 1987 kijitabu kilichosema kwamba hapo ndipo lilipokuwa ilungu kubwa, tanuru refu la udongo ambalo mababu wa Wafipa waliyeyushia chuma. Ushahidi wake ulikuwa shajara ya misheni ya mwaka 1904: padri mmoja aliandika kwamba alitoka Msandu, akatembea saa nzima kuelekea magharibi, akavuka kijito, akalikuta tanuru linawaka. Polikarp alizipima hatua, akavuka kijito, akafika kwenye kichuguu hicho. Kwa miaka mingi watoto wa shule waliletwa hapo kwa mistari.

Lakini ramani ya enzi ya Mwingereza iliweka alama ya tanuru mbali zaidi kaskazini. Na jirani yao, mzee Urbano, alikuwa akidai tangu ujana wake kwamba tanuru liko kwenye shamba la baba yake, huko huko kaskazini. Polikarp alimjibu mbele ya mkutano wa kijiji kwamba ramani ilichorwa na mtu aliyekaa ofisini, na kwamba Urbano ni mzushi anayetafuta sifa. Jina la mzushi lilimganda Urbano kama utomvu wa ndizi kwenye shati.

Sasa serikali ilitaka kuweka kibao na kuliandikisha tanuru, na afisa wa mambo ya kale aliyeletwa kuhakikisha mahali alikuwa Zenon, mwanafunzi wa zamani wa Polikarp. Shemeji yake Mariana, Rafaeli, alikuwa ameshachongesha kibao Majengo, mjini Sumbawanga. Kilikuwa kimelala kwenye pikapu chini ya turubai, na jina la Polikarp limo.

Zenon alipanda kutoka shimoni, akapangusa magoti.

"Mwalimu, shikamoo tena," alisema kwa aibu.

"Marahaba. Umeona nini?"

"Mavi ya chuma yapo." Alimwonyesha vipande vyeusi, vizito, vile vinavyobaki chuma kikishatoka kwenye jiwe lake. "Lakini yako juu juu tu, kina cha kiganja. Chini yake ni udongo wa mchwa mtupu. Tanuru likikaa mahali, udongo wa chini huungua ukawa mwekundu kama tofali, na kitako cha ukuta hubaki na duara lake. Hapa hakuna kilichoungua."

"Kwa hiyo?"

"Watu huyachota haya mavi kuziba matope njiani wakati wa masika. Huenda yaliletwa."

Rafaeli alicheka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Zenon, bwana! Wewe si ndiye uliyekuwa unachapwa kwa kusahau tarehe? Leo unamsahihisha mwalimu wako kaburini?"

"Simsahihishi, mzee. Naeleza kilichomo shimoni."

"Chimba pengine basi. Kichuguu ni kikubwa."

Zenon alimgeukia Mariana, akashusha sauti. "Mwalimu, ninaweza kuandika kwamba mahali panakadiriwa. Kibao kikasimama. Mwalimu Polikarp alinifundisha kusoma shajara, mimi sitaki kuwa mtu wa kumvua nguo."

Hapo ndipo Mariana alipohisi mlango ukifungwa. Kama Zenon angekuwa mkorofi, angemkaripia, lakini mtu mwema utamkwepaje? Alihitaji tu kuitikia kwa kichwa. Wakwe wangefurahi, watoto wa shule wangeendelea kuja, na daftari lingerudi kabatini.

Shida ni kwamba alikuwa amelisoma. Mwaka 1991, miaka minne baada ya kijitabu kutoka, Polikarp alimhoji Bibi Monika, mzee kuliko wote Msandu. Kila mtu alijua kwamba kijiji kilihamishiwa barabarani mwaka 1974, na Polikarp alikuwa amepima kutoka kwenye mahame yake, pale kilipoachwa. Lakini Bibi Monika alimwambia kwamba hayo ni mahame ya pili. Kabla ya hapo, mwene, mtawala wao, alipokufa, watu walihama na jina la kijiji wakaja nalo. Msandu ya padri ilikuwa ya kwanza, juu kaskazini, kwenye mwamba ambako bado kuna vishimo walimosagia ulezi. Chini ya maneno hayo Polikarp alikuwa ameandika kwa kalamu yake iliyonyooka: *Nimepima kutoka Msandu isiyo yenyewe.* Kurasa zilizofuata zilikuwa tupu.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akaendelea kuwaleta watoto kwenye kichuguu. Hakumwambia hata mkewe. Hilo ndilo lililomuuma Mariana kuliko tanuru lenyewe.

"Mama Edith," Rafaeli alimwita Mariana, "mwambie kijana aandike, tukale. Mgeni wa wilaya anakuja Jumamosi."

Mariana alifungua mkoba. "Zenon, soma hapa."

Zenon alisoma. Rafaeli alichungulia begani kwake, midomo ikitembea, kisha akaacha.

"Umelipata lini?" aliuliza.

"Tangu Kwaresima."

"Na ukaniacha nichongeshe kibao!"

"Nilikuacha," alisema Mariana.

Walipanda hadi kwenye mwamba. Vishimo vya kusagia vilikuwapo, laini kama bakuli, vimejaa maji ya mvua. Zenon alitazama saa, wakaanza kutembea kuelekea magharibi, wakavuka kijito kilekile lakini juu zaidi, na saa moja ilipotimia walikuwa wamesimama katikati ya mahindi ya Urbano. Mwenyewe alikuwa amewaona kutoka mbali, akaja taratibu na jembe begani.

"Karibuni kwa mzushi," alisema.

Zenon aliomba ruhusa, akachimba kati ya matuta. Kina cha mkono alikuta udongo mwekundu, mgumu, uliopinda kama ukingo wa chungu, na kipande cha mrija wa udongo wa kupitishia hewa kingali kimechomekwa pale pale. Ramani na shajara zilikuwa zimekutana.

"Mzee Urbano," Mariana alisema, "mume wangu alikuita mzushi mbele ya watu. Alikosea, na alikuja kujua kwamba amekosea. Nitayasema haya kwenye mkutano, kama yeye alivyosema yake."

Urbano alishusha jembe begani. "Mke wangu alikufa akiitwa mke wa mzushi," alisema. "Huyo utamwambia mkutano gani?"

Zenon alishika kalamu, hajui pa kutazama.

"Mwalimu, kwenye taarifa niandike tu mahali papya? Si lazima nimtaje."

"Mtaje. Andika alipopima, na Msandu aliyoanzia, na kwa nini si hapo. Usipoandika, kesho mwingine atakiokota kijitabu na kurudi kwenye kichuguu."

"Na daftari?"

"Piga picha ukurasa huo wote. Na kurasa tupu pia."

Rafaeli alikuwa ameshaanza kurudi peke yake kuelekea kwenye pikapu. Kulikuwa na njia moja tu ya kurudi nyumbani, na gari moja, na kibao kikiwa humo nyuma. Mariana alibana mkoba kwapani, akamfuata.