Waya Kwanza, Buluu Baadaye

Ukifika Juazeiro, kule Brazili, ukamtaka Valdeni, usiulizie studio. Ulizia kwa mama wa buluu. Nyumba yake yenyewe ni ya chokaa iliyobabuka. Buluu wanayoisema watu ni ile anayoiweka nyuma ya marehemu wao pichani. Tangu enzi za baba yake, aliyepaka picha kwa brashi, ukoo huu umewavisha suti watu waliozikwa na kandambili, ukawavalisha mikufu ya dhahabu wanawake ambao hawakuwahi kuwa na hata hereni, na nyuma yao ukaweka mbingu isiyo na wingu. Mume aliyekufa kijana anakaa bega kwa bega na mkewe, ambaye naye amerudishiwa ujana ili wasiachane sana. Hakuna anayelalamika kwamba ni uongo. Kila sebule ina watu hao ukutani, na wageni husalimu.

Siku hizi Valdeni anatumia kompyuta, maana kiuno kilishaikataa ile meza ya brashi. Ana mdomo mkali na moyo laini, na anapofanya kazi huongea na walio pichani. "Tulia basi, mama, nikufunge kola."

Mzee Anfrísio alikuja Jumatatu, kofia ya ngozi mkononi, na mke wa mwanawe, Rosiele, nyuma yake. Mkewe Lindalva alikuwa na karibu mwaka tangu afariki. Misa ya kumkumbuka ilikuwa Jumapili, na mzee alitaka siku hiyo mkewe awe ukutani.

"Nipe picha yake," Valdeni alisema.

Rosiele aliitoa kwenye simu. Mwanamke mnene wa makamo ndani ya banda la kuku, bakuli la mahindi kiunoni, na mbele yake wavu wa waya umemkatakata uso mzima.

"Ndiyo hii tu?"

"Ndiyo hii tu, dada. Alikuwa hataki kupigwa picha. Ukimwelekezea simu anakugeuzia mgongo. Hii nilimwibia akiwa anamgombeza baba."

Mzee alicheka kidogo. "Niliacha mlango wa banda wazi. Kila siku nauacha wazi. Ananipigia kelele, 'Anfrísio, kuku!' namjibu, 'Nafunga sasa hivi.' Na wala siinuki kitini."

"Kwa hiyo umezoea kugombezwa, mzee wangu."

"Miaka arobaini, binti. Sasa nyumba imenyamaza mpaka masikio yananiuma." Akaizungusha kofia. "Nisikilize. Mvalishe chochote utakacho, weka buluu yako. Ila uso uwe wake. Nimeanza kumsahau. Asubuhi namtafuta kichwani, anakuja nusu. Ukiniwekea mwingine ukutani, mimi nitakuja kumzoea huyo mwingine, na Lindalva atakuwa amekufa mara ya pili."

Valdeni aliitikia kwa kichwa, akajifanya anatafuta miwani.

Basi wiki hiyo ilikuwa ya mahujaji. Mji ulijaa malori, joto lilishika mabati, na kila mteja alitaka yake leo. Hapo ndipo Valdeni alipofanya jambo ambalo lingemfanya baba yake amchape vidole. Alianza na buluu. Mteja akipita akachungulia, ni buluu inayompa raha, basi unaiweka ili akuache. Alimkata Lindalva kutoka bandani, waya ukiwa bado usoni, akamwekea mbingu nyuma, akamvalisha gauni la kola nyeupe, na mwisho ndipo alipoiambia kompyuta ifute waya.

Kompyuta ilifuta. Inafuta kila unachoiambia. Lakini mahali pa waya haiachi tundu, inajaza kwa kilicho jirani, na jirani sasa ilikuwa buluu. Ukingoni mwa nywele buluu ilipenya ndani, sikio likawa na kiraka cha mbingu, na katikati ya uso, ambako waya ulipita juu ya mdomo, mashine ilibuni mdomo wake yenyewe. Ulikuwa mdomo mzuri, umetulia. Valdeni alizipaka rangi nywele, akaliziba sikio, akajiambia inatosha.

Ijumaa mzee alirudi na Rosiele, akaitazama.

"Ni mama mzuri," alisema kwa adabu. "Ni nani?"

Mzee hakugomba, angegomba ingekuwa nafuu. Alivaa kofia yake taratibu, akashukuru kama mtu aliyepewa pole msibani, akageukia mlango.

"Mzee, rudi ukae," Valdeni alisema. "Nimekosea mimi. Nimepamba kabla ya kusafisha. Rosiele! Siku ile ulipiga mara ngapi?"

"Nilibonyeza mara moja, dada. Ila kidole kilikawia, simu ikapiga nyingi mfululizo. Zile mbovu sikukutumia, maana zinafanana, na mkono ulikuwa unatikisika."

"Unatikisika! Mtoto wa watu, zipo?"

"Zipo. Sijafuta kitu chake chochote."

"Mungu akubariki kwa uvivu wako. Nitumie zote."

Aliifuta kazi ya siku tatu bila kuitazama mara ya pili. Akaanza upya na picha ya bandani, kuku na mahindi na yote, asiguse kilicho nyuma. Mzee alikataa kwenda nyumbani, akapewa kahawa na kiti.

"Angalia hapa," Valdeni alimwambia. "Waya uko karibu na simu, yeye yuko mbali kidogo. Mkono ukitikisika, waya unahama sana, yeye anahama kidogo. Hapa waya umefunika jicho, kwenye hii umeshuka shavuni. Nikizipanga macho juu ya macho, kilichofichwa huku nakichukua kule."

"Kwa hiyo hubuni."

"Sibuni. Naomba kwake mwenyewe."

Akaufuata waya kipande kwa kipande. Jicho likatoka, kisha unyusi, kisha mkunjo wa shavu. Nywele zilizosimama kwa upepo alizirudisha pamoja na banda lililokuwa nyuma yake, ili baadaye zikatwe zikiwa nzima. Sehemu chache waya ulikuwa umekaa palepale katika picha zote. Hizo, za kitambaa na ukuta, alizijaza kwa mkono, na kila moja akamwonyesha mzee.

Mdomo aliuacha mwisho, kwa woga. Katika picha nyingi waya ulikatiza juu yake. Katika moja, ile mbovu kuliko zote, iliyoinama, ulikuwa umeteremka mpaka kidevuni. Valdeni alichukua kile kipande kidogo, akakilaza mahali pake, akasogeza kiti nyuma.

Pembe moja ya mdomo wa Lindalva ilikuwa imepanda. Alikuwa anafoka, ndiyo, lakini kicheko kilikuwa kimemfika hapo na alikuwa anakizuia. Muda wote ule wavu ulikuwa umekificha.

Sasa ndipo Valdeni alipomtoa bandani. Ukingo ulikatika safi, nywele zote zikaja naye. Akamwekea buluu, akamvalisha kola nyeupe, na mkufu mwembamba kwa sababu alijisikia kumpa. "Tulia, mama," alinong'ona, "tumemaliza."

Akaigeuza kompyuta upande wa kiti cha mzee.

Anfrísio alitazama. Kofia ilimponyoka, hakuiokota. Rosiele aliziba mdomo kwa kiganja. Nje malori ya mahujaji yalipiga honi. Mzee alijiinua kwenye kiti kwa mikono miwili, akasimama wima.

"Nafunga sasa hivi," alimwambia mkewe.