Waya Fupi Kwenye Paneli ya Bunda

Darasa la saba sikumaliza, lakini nitajie mashine yoyote iliyokuwa inazunguka kati ya Musoma na Bunda miaka ile, nitakwambia nani aliyeifufua. Ni mimi. Leo nina karakana yangu hapa Iringo, Musoma mjini, nina mafundi sita, wawili wana vyeti vya chuo, na wote wananiuliza mimi. Sijasimuliwa maisha, nimeyafunga nati kwa mkono wangu. Lakini kuna mtu mmoja ninayemkumbuka kila nikifungua paneli ya umeme, na huyo hakuwa hata fundi.

Alikuwa mwendesha mashine, mtu wa Butiama, mrefu, mwenye kuongea polepole kama anayehesabu ng'ombe wanaoingia zizini. Tulikutana kiwanda cha nguo Musoma, miaka ya shida, sabuni ikiwa ya foleni na vipuri ni vya kusikia tu. Fyuzi ikiungua, nilikuwa naweka uzi wa shaba. Swichi ikifa, naipiga dairekti, waya kwa waya, mashine inaondoka. Mabosi walinipiga mabegani. Kuunga ndiyo ilikuwa shule yangu, na niliifaulu. Yeye ndiye alikuwa ananishikia tochi, na mchana tunakula dagaa wa soko la Mwigobero katika sahani moja, akinikatia ugali upande wangu kwanza.

Kiwanda kilipofungwa tulirudi mitaani. Kisha biashara ikaachiwa huru, wanunuzi binafsi wa pamba wakaja, na tajiri mmoja akafungua kinu cha kuchambulia pamba Bunda kwa mashine iliyotumika huko nje. Alinichukua mimi. Nikamwambia bila huyu mwenzangu siji. Hilo nalo nilifanya, liandikwe.

Mashine ilikuja na mtaalamu wa kuifunga, akakaa nasi wiki moja. Kwenye sehemu ya kulishia pamba kulikuwa na rola zenye meno, na pembeni kitufe chekundu cha dharura, kikubwa kama uyoga. Nilishangaa kukuta nyuma ya kitufe kimoja pointi mbili za kukatia umeme, kila moja na njia yake ya waya hadi kwenye relei ya usalama, kisanduku kinachoamua mota iwake au isiwake. Na relei haikukata moto wa umeme kwa swichi moja ya mota, bali kwa kontakta mbili, zile swichi kubwa za sumaku, zilizofuatana, moto upite ya kwanza ndipo ufike ya pili. Nikacheka, nikasema wazungu wana shaba ya kuchezea.

Mtaalamu akachora kwenye boksi. Pointi moja, alisema, inaweza kugandana kwa moto, au kipande chake kichomoke nyuma ya kitufe, na hakuna atakayejua mpaka siku ya kubonyeza. Zikiwa mbili, moja ikifa nyingine inakata, na relei ikiona zimetofautiana inagoma kuwasha tena. Vivyo hivyo kontakta. Kila moja ina pointi ndogo inayorudisha habari kwamba kweli imeachia. Habari isiporudi, ukibonyeza cha kuwashia relei inakaa kimya.

Mwenzangu ndiye aliyeelewa kwanza. Alisema kama mchungaji mmoja anasema zizi limefungwa na wa pili hajasema, hulali. Mimi nikasema nimeelewa zamani.

Msimu ukachanganya. Malori yamepanga foleni mpaka barabarani. Siku moja rola zikaziba, mwenzangu akabonyeza chekundu, zikasimama, akazibua. Kuwasha tena, relei kimya. Meneja amesimama nyuma yangu anapumua. Nikapima haraka, nikaona njia ya kurudisha habari imekatika, habari hairudi, na badala ya kuuliza kwa nini, nikaamua kirelei hicho kimeharibika. Nilikuwa nayo mfukoni waya nyekundu, fupi, niliyoitoa kiwanda cha nguo. Nikaunga pale habari za kontakta zinapoingilia, relei ikadhani zote zimeachia. Mashine ikaondoka. Watu wakapiga makofi.

Mwenzangu akanisogelea, akauliza ilikuwa inaumwa nini. Nikamwambia vumbi.

Ninyi mnaonisoma mnaelewa nilichofanya, mimi wakati ule sikutaka kuelewa. Kontakta ya kwanza ilikuwa imegandana, haiachii tena. Relei ilikuwa inasema ukweli, nami nikaiziba mdomo. Tangu siku hiyo mkono wa rafiki yangu ulikuwa unalindwa na kontakta moja tu, iliyokuwa inakata mzigo wote peke yake, na hakuna wa kuiangalia.

Hazikupita wiki mbili. Rola zikaziba tena. Ilitakiwa kukata swichi kuu ya ukutani na kuifunga kufuli kabla ya kuingiza mkono, lakini kwa haraka ya msimu tulitegemea kitufe. Akabonyeza, akafungua kimlango. Ndani giza na vumbi, na mashine nyingine zinavuma, husikii kitu. Alikuwa na desturi yake, hakuna aliyemfundisha: kabla ya mkono, huchomeka kijiti cha mpamba. Tulikuwa tunamtania kwamba anaulizaga mashine kama imeshiba. Siku hiyo kijiti kikanyakuliwa vidoleni, rola bado zinazunguka.

Hakupiga kelele. Alikwenda akashusha swichi kuu, akanifuata karakana, akafunga mlango.

"Mura, uliunga?"

Mura ndivyo tunavyoitana sisi wanaume wa Mara.

"Mimi? Sijaunga kitu."

"Nakuuliza mara ya pili."

"Na mimi nakujibu vile vile. Hiyo mashine ni ya mtumba."

Akaenda kwenye paneli, akafungua mwenyewe, akaikuta ile waya nyekundu. Aliijua. Tuliichuna wote kule kiwanda cha nguo, yeye ameshika tochi. Hakumwambia meneja. Aliniita nije nione kontakta zote mbili zimegandana, akaning'inizia waya kwenye kidole changu kama pete, akachukua sufuria yake na koti, akapanda gari la Butiama.

Nilibadilisha kontakta zote, nikarudisha njia ya habari kama ilivyochorwa, nikaweka kufuli kwenye swichi kuu. Mashine hiyo haikuumiza mtu. Lakini mimi sikuwa tena na mtu wa kula naye.

Miaka ikapita kabla sijapata ujasiri. Nilifika kwake Butiama nikiwa na gari langu mwenyewe, wakaniambia amehamia Bugwema, analima. Nikamfuata. Alinipokea vizuri, mkewe akatupikia sato, na yeye mwenyewe akanikatia ugali upande wangu kwanza. Nilisubiri tumalize kunawa.

"Niliunga," nikamwambia.

"Najua. Waya si niliikuta mwenyewe."

"Naomba unisamehe."

"Ya waya nilikusamehe kabla gari halijafika Butiama. Ile ya pili ndiyo ilinichukua muda. Ungenijibu ndiyo, mura, ningerudi kazini siku ile ile, tungefungua pamoja."

Nikamwomba aje Iringo, achague kazi yoyote na mshahara wowote. Akacheka kidogo, akasema mahindi yake hayana dharura. Hajaja. Hata kunitembelea hajaja, na mimi simlaumu.

Siku hizi nafunga relei hizo mwenyewe, na kuzipima kunataka watu wawili, mmoja abonyeze, mwingine asimame karibu na rola aangalie kama zimesimama. Natenganisha waya ya njia moja makusudi nione kama relei itagoma. Mafundi wangu ni hodari, nimewafundisha mimi. Lakini nikiita "Vipi huko?" wananijibu "Iko sawa, bosi," kabla hawajainama kuangalia. Nami nabaki na kidole juu ya kitufe, namtamani mtu mmoja wa kunijibu "Bado."