Nukta chini ya maneno

Gazeti lile lilifika Kitangari likiwa limefunga chumvi. Mpagazi aliyeitoa chumvi hiyo Lindi alitaka kulitupa, lakini mama alimwomba ampe, kwa sababu alijua mimi huokota kila kitu chenye maandishi. Nililikunjua uani, nikapangusa chembe za chumvi, na katikati ya safu ya pili nikaona neno Masasi. Nikasema kwa sauti, "Masasi," nikajuta papo hapo, maana mama aliweka mchi chini.

"Wamesema nini juu ya Masasi?"

"Sijui, mama. Ni Kijerumani."

"Si umesoma Kijerumani?"

Nilikuwa nimekisoma miezi michache tu. Chuo cha ualimu cha misheni, kule pwani, kilituanzishia lugha hiyo mwishoni kabisa, ilipojulikana kwamba serikali inataka walimu wanaoijua. Nikahitimu, nikarudi Masasi, vita vya Maji Maji vikanikuta hata sijazoea kuitwa mwalimu. Nyumba ziliungua, na orodha yangu ya maneno ya Kijerumani ikaungua humo. Tukapanda uwanda wa juu na mama, tukakaa Kitangari kwa ndugu zake. Mjomba hakupanda nasi. Askari walimkamata Masasi pamoja na wanaume wengine, wakasema aligawa maji ya dawa. Huyo ndiye kaka mkubwa wa mama, na kwetu hakuna jambo linaloamuliwa bila yeye, si shamba wala ndoa. Mama alikuwa anatwanga muhogo mkavu ili ampelekee unga gerezani Lindi. Lakini hakujua kama yuko Lindi. Hakujua kama yuko popote.

"Basi soma," alisema. "Nione kama niende."

Mwalimu wetu wa Kijerumani alikuwa na namna yake ya kusoma gazeti. Alituambia, anayesimama kwenye kila neno asilolijua hatafika mwisho wa habari. Kwanza tazama kichwa, majina na tarakimu. Kisha soma yote bila kusimama, kalamu ya risasi mkononi, na chini ya neno usilolijua weka nukta moja. Likirudi, nukta nyingine. Ukimaliza, maneno yenye nukta nyingi ndiyo yanayobeba habari. Shughulika na hayo. Yabahatishe kutokana na majirani zake, halafu jaribu bahati yako kila mahali neno lilipo. Likikataa mahali pamoja, umekosea. Lenye nukta moja liache lilivyo, isipokuwa limesimama ndani ya sentensi yenye jibu unalolitafuta.

Darasani njia ile ilinipa raha. Pale uani niliibonyeza kalamu hadi nukta za kwanza zikatoboa karatasi.

Nilisoma mara ya kwanza bila kusimama. Kijerumani kina hisani moja, kila jina la kitu huanza na herufi kubwa, kwa hiyo hata usipojua kitu gani, unajua ni kitu. Neno moja la namna hiyo lilipata nukta karibu kila aya. Lilifuatana na tarakimu, nikadhani ni askari. Nikalijaribu: askari walipelekwa, sawa, askari walilishwa, sawa, askari walilindwa na askari. Hapo likakataa. Nikaweka wafungwa badala yake, likakubali kila mahali. Nilishikwa na furaha ya kijinga, kama mtoto aliyefungua fundo, kisha nikakumbuka ni fundo la nini.

"Vipi?" mama aliuliza.

"Wanazungumzia wafungwa."

"Haya. Endelea."

Kufikia adhuhuri nilikuwa nimeielewa habari karibu yote. Mvua imechelewa. Njia ya simu imetengenezwa. Wafungwa ni wengi, chakula ni kidogo. Sentensi yenye neno Masasi ilikuwa moja tu. Wafungwa wa kutoka Masasi, baadhi yao wamefanywa jambo fulani, na watu fulani wamepelekwa pwani. Maneno mawili humo yalikuwa na nukta mojamoja. Kama sentensi hiyo ingehusu mvua, ningeyaacha nikalale. Niliwaza pia kumwambia mama kwamba maneno ya nukta moja huachwa, ndiyo kanuni, lakini nilijua sehemu ya pili ya kanuni.

Kesho yake mimi na mama tulikwenda Newala, kwenye kituo cha askari. Kulikuwa na shaushi mmoja, mkubwa wa askari wa pale, aliyekaa na Wajerumani miaka mingi. Kusoma hakujua, ila kusikia alisikia. Alikuwa amekaa kwenye kreti, anapaka viatu mafuta.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Mwalimu wa misheni umekuja kunifundisha?"

"Nimekuja kuuliza maneno mawili."

"Mawili tu? Gazeti zima, maneno mawili? Basi wewe umeshakuwa bwana mkubwa." Akawaita wenzake waje wamwone Mjerumani wa Kitangari. Wakacheka. "Soma sentensi yote. Kijerumani usipofika mwisho hujui umesifiwa au umeamriwa viboko."

Nikasoma hadi mwisho wa sentensi. Matamshi yangu yaliwachekesha tena wale wenzake, lakini yeye hakucheka. Alitazama kiatu.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"*Übrigen* ni waliobaki," alisema. "Waliobaki wamepelekwa pwani, na minyororo."

"Na lile jingine? *Hingerichtet*?"

Alimtazama mama, ambaye alikuwa amesimama kando na kikapu chake. "Mama huyu ana mtu?"

"Kaka yangu," mama alijibu mwenyewe.

Shaushi akaweka kiatu chini. "Wamenyongwa," alisema. "Baadhi wamenyongwa. Pole, mama."

Hapakuwa tena na neno gumu katika sentensi ile. Nilirudi nikaipitia palepale, neno kwa neno, nikaielewa yote, na haikuwa na jina la mtu yeyote. Baadhi. Waliobaki. Nilitafuta tarakimu, kwa kuwa mwalimu alisema tarakimu hazihitaji kutafsiriwa. Mahali pengine zilijaa, hata magunia ya mchele yalihesabiwa. Kwenye sentensi hiyo hapakuwa na hata moja.

Njiani, tulipopita mteremko wa kwenda kuteka maji, mama aliuliza.

"Baadhi ni wengi au wachache?"

"Huenda ni wachache. Lakini wameandikwa kwanza. Wangekuwa wachache labda wangeandikwa mwisho. Tena gazeti ni la zamani, mama, kuna tarehe juu, huenda hata hao waliobaki..."

"Nimekuuliza wengi au wachache."

"Haisemi."

"Umesoma vizuri?"

"Nimesoma vizuri."

Aliitikia kwa kichwa. Ningependa anilaumu, aseme chuo hakikunifundisha kitu, ningekuwa na la kujitetea. Usiku ule nilisikia akitwanga, na asubuhi nilimkuta amefunga unga kwenye mfuko wa mkeka. Juu yake alikuwa anakunja shuka nyeupe ya bafta, ile aliyotoroka nayo Masasi badala ya sufuria.

"Ya nini?" nilimuuliza.

"Akiwa hai, ataivaa," alisema, akaendelea kukunja.

Nilimpokea mzigo, tukashika njia ya Lindi.